Mtoto anapokwama kwenye neno: dalili, chanzo na jinsi ya kumwelekeza bila kumkaripia

Mwongozo huu ni kwa akina mama na akina baba wa Bukavu waliokubali kukaa na watoto wa mwaka wa kwanza hadi wa tatu na kuwasikiliza wakisoma, iwe ni shuleni baada ya masomo au barazani kwa jirani. Kufundisha herufi ni kazi ya mwalimu, nasi hatutaigusa hapa. Tutashughulika na zile sekunde chache zinazofuata kosa, pale mtoto anapotamka neno lisilokuwepo kwenye ukurasa, au anaponyamaza, na wewe unalazimika kuamua kama utasema kitu, utasema nini, na utakisema lini.

Ubaya wa kumkatiza mtoto kwa "Sivyo!" hauishii kwenye ukali. Neno hilo huficha chanzo cha kosa. Mtoto aliyesoma *giza* kama "jiza", yule aliyesoma *watoto* kama "batoto", na yule aliyesoma "wamefika" mahali palipoandikwa *hawajafika* wamekosea kwa sababu tatu zisizohusiana, na kemeo moja haliwezi kuwafaa wote watatu. Isitoshe, mtoto aliyekemewa mara kadhaa huacha kujaribu. Hunyamaza kila anapoona neno refu, na kwa kuwa hatamki kosa tena, nawe huna cha kuchunguza.

Utaratibu wa msingi

Utaratibu tunaoufuata ulibuniwa New Zealand mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya wazazi waliokuwa wakiwasikiliza watoto wao nyumbani, na una hatua tatu ambazo ni kusubiri, kuelekeza na kusifu. Mtoto anapokosea au kukwama, unanyamaza kwa muda wa sekunde 5, au unamwacha afike mwisho wa sentensi, kwa maana mara nyingi hugundua mwenyewe kwamba sentensi haikukaa sawa na kurudi nyuma. Asiporudi, unamwelekeza kwa swali au kwa ishara, bila kumtajia neno. Ukimwelekeza mara mbili na bado hajalipata, unamtajia neno kwa sauti ya kawaida, analirudia, na mnaendelea. Hakuna mara ya tatu, kwa sababu swali la tatu kwa mtoto ambaye hana jibu hugeuka kuwa mtihani.

Kusubiri ndiko kunakowashinda wazazi wengi. Sekunde 5 za ukimya ni ndefu kuliko tunavyodhani, hasa mtoto mwingine akiwa karibu na jibu liko mdomoni. Hesabu polepole moyoni, macho yako yakiwa kwenye kitabu, kwani mtoto akiona unamkodolea macho usoni ataacha ukurasa na kuanza kusoma uso wako.

Kuna jambo moja ambalo ningelifanya tofauti na utaratibu ule wa awali. Ulitungwa kwa wasomaji wa Kiingereza, lugha ambayo herufi zake hazitamkwi kila mara kama zilivyoandikwa, na kwa hiyo kumwelekeza mtoto kwa maana ya sentensi kulipewa nafasi kubwa. Katika Kiswahili silabi husomeka kama ilivyoandikwa. Kwa sababu hiyo nashauri macho ya mtoto yaelekezwe kwanza kwenye silabi, kisha maana itumike kuhakikisha. Kumwambia mtoto "tazama picha ubahatishe" ni kumzoesha njia ambayo haitamfaa siku atakapopewa kitabu kisicho na picha.

Kaa ubavuni pa mtoto, si mbele yake, ili nyote wawili muone maandishi yakiwa wima. Uwe na kipande cha karatasi ngumu cha upana wa vidole viwili hivi, kwa ajili ya kufunika sehemu ya neno. Dakika 10 kwa mtoto mmoja zinatosha.

Dalili: anafika kwenye neno, anasimama, anakutazama

Chanzo kinaweza kuwa kimojawapo kati ya viwili. Ama amezoea kwamba mtu mzima atalitaja neno, ama neno lenyewe ni refu kuliko awezavyo kulibeba kwa mara moja. Utavitofautisha kwa kusubiri. Ukihesabu hadi tano bila kumtazama na midomo yake ikaanza kucheza, alikuwa amezoea kutegemea, na dawa yake ni kuendelea kusubiri hivyo hivyo kila siku. Asipojaribu lolote, chukua ile karatasi.

Maneno ya Kiswahili hubeba mambo mengi ndani yake. *Hawajafika* ni neno moja kwenye ukurasa, lakini lina silabi tano, na mtoto anayesoma silabi moja moja huwa amesahau *ha* anapofika kwenye *ka*. Funika neno lote, kisha ufunue *hawa*. Akishasoma, funua *ja*, ayasome yote mawili pamoja, "hawaja". Halafu funua *fika*. Mwache asome kuanzia mwanzo wa neno kila unapofunua kipande kipya, kwa sababu mtoto anayesoma vipande bila kuviunganisha atakupa silabi tano sahihi na neno asilolijua. Usiseme kitu wakati wa kufunua. Karatasi ndiyo inayoelekeza.

Dalili: anasoma neno jingine linalofanana na lililoandikwa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo kemeo linapoharibu zaidi. Tuchukue sentensi mbili za kitabu cha mwaka wa pili: *Mvua imenyesha tangu usiku. Watoto wengi hawajafika shuleni.* Mtoto anasoma ya kwanza vizuri. Ya pili anaisoma hivi: "Watoto wengi wamefika shuleni."

Mzazi mwenye haraka angemkatiza kwenye "wamefika". Wewe mwache afike kwenye nukta. Kama anasikiliza anachosoma, atashangaa mwenyewe, kwa sababu yeyote aliyekulia Kadutu au Bagira anajua njia za mlimani zinavyokuwa baada ya mvua ya usiku kucha. Lakini hakushangaa, amesonga kwenye sentensi inayofuata. Sasa mzuie kwa upole kwa kuweka kidole chako chini ya neno.

"Turudi hapa kidogo. Neno hili linaanza na silabi gani?"

"Ha."

"Ehe. Lisome kuanzia hapo."

"Ha-wa... hawamefika."

Jibu hili linakupa habari nzuri. Mtoto ameona *ha*, lakini ameibandika kwenye neno alilokwisha kulibuni. Bado hajatazama katikati. Huo ulikuwa mwelekezo wa kwanza. Wa pili ni karatasi: unafunika *hawa* na *fika*, unaacha *ja* peke yake.

"Ja."

"Sasa lote."

"Ha-wa-ja-fika. Hawajafika!"

"Soma sentensi yote tangu mwanzo."

Anaisoma. Hapo ndipo maana inapoingia, kwa swali moja fupi, "Sasa shuleni kuna watoto wengi au wachache?" Akijibu wachache, umemaliza. Sifa yako iwe ya kile alichokifanya: "Umetazama katikati ya neno ukalipata mwenyewe." Kusema "vizuri sana" kwa kila sentensi hakumwambii alichofanya vizuri, na baada ya siku chache huwa kelele tu.

Kama baada ya karatasi bado angesema "wamefika", ungemtajia: "Hili ni hawajafika. Sema." Bila kuguna, bila "si nimekwambia", na bila kumgeukia mtoto mwingine umwulize yeye.

Si kila neno lililobadilishwa linastahili safari hiyo yote. Mtoto akisoma "anakwenda" badala ya *anaenda*, maana imebaki palepale na ameonyesha kwamba anaelewa, mwache apite. Lakini *pika* ikiwa "piga", au kikanushi kikadondoka kama katika mfano wetu, sentensi imegeuka kichwa chini na ni lazima irudiwe. Ukisimamisha mtoto kwa makosa yote bila kuchagua, ukurasa mmoja utachukua dakika zote 10, na hadithi itakufa mikononi mwenu.

Dalili: anasoma Kiswahili cha nyumbani badala ya kile cha kitabu

Kitabu kinasema *Watoto wanacheza*, mtoto anasoma "Batoto banacheza". Kitabu kinasema *mtoto*, anasoma "mutoto". *Mti*, anasoma "muti". Wengine hubadilishana *l* na *r* au kuangusha *h* mwanzoni mwa neno, jambo ambalo watu wazima pia hulifanya wakiongea, na mzazi anayerekebisha "abari" ya mtoto mara nyingi ameisema mwenyewe asubuhi hiyo hiyo.

Hili si kosa la kusoma kwa namna lile la *hawajafika* lilivyokuwa. Mtoto aliyesoma "batoto" ameziona herufi, akalielewa neno, kisha akalisema kama linavyosemwa kwao. Amefanya zaidi ya kutamka, maana amekwisha kufikia maana. Kumkemea hapa ni kumwambia kwamba lugha ya mama yake ni kosa, naye atajifunza kunyamaza. Kwa hiyo usimkatize na usimrudishe. Mwache amalize ukurasa.

Hata hivyo, hakikisha kwamba kweli ameziona herufi. Ukurasa ukiisha, rudi kwenye neno moja tu, weka kidole chini ya herufi ya kwanza ya *watoto* na umwulize inasema nini. Akijibu "wa", mambo ni sawa. Unaweza kumwambia: "Nyumbani tunasema batoto, kitabu kimeandika watoto. Tusome kama kilivyoandika." Neno moja kwa siku linatosha. Akijibu "ba", basi anachanganya herufi zenyewe, na hilo ni la kuandika kwenye daftari kwa ajili ya mwalimu.

Kwa *mtoto* na *mti*, tatizo lina sura yake. Mtoto amefundishwa kwamba kila silabi ina irabu, *ma me mi mo mu*, na ghafla anakutana na *m* iliyosimama peke yake. Kuitia *u* ni jaribio la mtu mwenye akili. Mwombe afumbe midomo na kuvuma "mmm" kwanza, kisha aongeze *toto*. Wengi hulipata baada ya kulifanya mara moja au mbili, wengine huendelea na "mutoto" kwa miezi, na hakuna hasara yoyote katika uelewa wao.

Dalili: herufi za Kiswahili zinatoka na sauti za Kifaransa

Watoto wetu huanza kusoma kwa Kiswahili huku Kifaransa kikiwajia, mwanzoni kwa masikio na baadaye kwa maandishi, hadi kinapokuwa lugha ya masomo yenyewe. Walio na kaka au dada wa madarasa ya juu hukutana nacho mapema zaidi, kwa sababu madaftari yako mezani. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akisoma *chai* bila taabu huweza kurudi siku moja akisoma "shai". Katika Kifaransa *ch* husomwa hivyo. *G* iliyofuatwa na *i* au *e* husikika karibu na *j*, na hapo ndipo *giza* inapokuwa "jiza". *E* ya mwisho mara nyingi haitamkwi, na *pete* inabaki "pet".

Utakitambua chanzo hiki kwa sababu makosa yanafuata kanuni. Mtoto aliyebahatisha hukosea huku na kule, lakini huyu hukosea kila *ch* na kila *gi*, ilhali *ga* na *go* anazisoma sawasawa. Ukiona mpangilio huo, usishughulike na neno moja moja. Uliza swali moja: "Kitabu hiki ni cha Kiswahili au cha Kifaransa?" Mtoto wa mwaka wa tatu mara nyingi hucheka na kurekebisha mwenyewe ukurasa mzima. Kwa mdogo zaidi, mwonyeshe *chai* na *chumba* zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, ayasome pamoja nawe, halafu mrudi kitabuni. Usimwambie kwamba "sh" ni kosa, kwa maana kesho asubuhi, katika somo la Kifaransa, ndilo jibu sahihi.

Dalili: anasoma kwa kasi bila kosa hata moja, lakini macho hayako kitabuni

Dalili hii hufurahisha wazazi, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Pale ambapo kitabu kimoja kinatumiwa na watoto kadhaa na darasa linasoma kwa kuitikia mwalimu, mtoto mwenye kumbukumbu nzuri hukariri ukurasa mzima. Sauti yake huwa na mdundo wa wimbo, na kidole chake huteleza kwenye mstari usiolingana na maneno anayoyasema.

Jaribio lake ni rahisi. Chagua neno lililo katikati ya mstari, lifunike pande zote mbili, umwombe alisome. Mtoto aliyekariri ataanza kunong'ona sentensi tangu mwanzo mpaka afike hapo. Usimwambie kwamba amedanganya, kwani hakudanganya. Alifanya alichoombwa darasani. Andika sentensi mpya kwa kutumia maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine. Kama kitabu kinasema *Mama anauza sambaza sokoni. Baba analima shamba*, andika *Baba anauza sambaza* na *Mama analima shamba*. Sentensi hizo hazimo katika kumbukumbu yake, kwa hiyo itambidi asome. Tarajia kwamba kasi itaanguka ghafla. Hapo ndipo alipo kwa kweli, na ndipo pa kuanzia.

Dalili: silabi zote ni sahihi, lakini hajui alichosoma

Ukimwuliza nani ameenda sokoni, anakutazama. Mara nyingi nguvu zake zote zimeishia kwenye kuunganisha silabi. Mwombe asome sentensi hiyo hiyo tena, mara hii bila kusimama ndani ya neno, kisha umwulize tena. Ikishindikana, isome wewe kwa sauti ya mazungumzo, naye airudie akifuata kwa kidole. Usiulize maswali matano juu ya ukurasa mmoja.

Dalili: makosa yanajaa kila mstari

Hesabu. Mtoto akikosa zaidi ya neno 1 katika kila maneno 10, kitabu ni kizito kwake kwa sasa, na hakuna uelekezaji wa upole utakaokiokoa. Chukua kitabu cha darasa la chini, au usome wewe mstari mmoja na yeye mmoja. Kumbuka tu kwamba kipimo cha maneno kwa dakika kilichotengenezwa kwa Kifaransa au Kiingereza hakihamishiki moja kwa moja kwetu, kwa sababu *hawajafika* inahesabiwa kuwa neno 1 wakati katika lugha hizo ingekuwa maneno kadhaa. Mtoto anayeonekana mzito kwa hesabu ya wenzetu huenda anasoma silabi nyingi kuliko wao.

Kabla ya kulaumu kitabu, tazama pia mwili. Mtoto anayekisogeza kitabu karibu na pua, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayeruka mistari mara kwa mara, au asiyegeuka unapomwita kutoka nyuma, huenda ana shida ya macho au ya masikio. Mwambie mwalimu na mzazi wake, faraghani, bila kumpa ugonjwa jina. Njaa nayo huonekana kama uvivu, hasa kwa watoto wa zamu ya mchana.

Dalili: anasoma vizuri na wewe, ananyamaza mbele ya wengine

Tafuta anayecheka. Mara nyingi ni ndugu mkubwa, wakati mwingine ni mzazi wa kujitolea mwingine anayesahihisha kwa sauti kutoka benchi la pili. Msikilizaji awe mmoja. Mwenzako akiingilia kati, mwambie kwa heshima: "Mama, tumwache kidogo, anatafuta mwenyewe." Mtoto akisikia sentensi hiyo, anaelewa kwamba ukimya wake unaruhusiwa.

Cha kuandika kwa ajili ya mwalimu

Daftari la msikilizaji lisiwe na alama wala maneno kama "dhaifu". Andika tarehe, ukurasa, neno lililoandikwa, na neno alilolisoma mtoto, hivi: *hawajafika*, alisoma "wamefika", alilipata kwa karatasi. Mistari mitatu au minne kwa siku inatosha, na uchague yale makosa yanayojirudia. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kumsikiliza kila mtoto kila wiki, lakini akiona *giza*, *gizani* na *gitaa* zote zimesomwa kwa "j", atajua somo la kesho linapaswa kuanzia wapi. Kosa lilelile likiendelea kwa wiki kadhaa, hata baada ya mwalimu kulifundisha, acha kulielekeza na umwombe mwalimu amsikilize mtoto huyo yeye mwenyewe, wewe ukiwa umekaa pembeni na daftari lako.